Amenamba

"Bibi, hivi 'kunamba' ni Kibena?"

Bibi hakuacha kupukuchua mahindi. "Kwani ulidhani ni nini?"

"Kiswahili. Juzi chuoni nikawaambia wenzangu chaja yangu imenamba, wakabaki wananitazama. Na yupo Mbena wa Wanging'ombe, naye halijui."

"Atalijulia wapi? Hilo ni la nyumba hii. Limetoka kwenye namba."

"Namba ya simu?"

"Namba ya mkonge, mjukuu wangu."

Miaka ya hamsini, Silabu, ofisi ya kutafutia mashamba vibarua, ilikuwa ikiandikisha wanaume wa Njombe kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Kila mmoja alipewa namba yake, nao wakaitwa manamba. Upendo alilisoma hilo kwenye historia kidato cha pili, akajibia na mtihani, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba babu yake mzaa bibi alikuwa mmoja wao. Alipanda lori la kwenda Tanga Bibi akiwa bado na meno ya utoto.

"Mama akiulizwa, anasema yuko manamba. Mimi nikadhani Manamba ni mji. Nikawa namuuliza, ni mbali kupita Iringa?"

"Sasa likageukaje?"

"Tuliligeuza sisi watoto. Mbuzi asipoonekana jioni, tunasema amenamba, kaenda alikoenda baba. Siku ya kwanza Mama alituchapa. Baadaye na yeye akawa analisema."

Bibi akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai. Humo mlikuwa na kipande, kadi ngumu iliyokunjwa mara mbili hadi mikunjo ikaanza kuachia. Upendo akaifungua juu ya ungo. Visanduku 30, kimoja kwa kila siku ya kazi; ukivimaliza, unakirudisha kipande, unalipwa. Vilivyotiwa alama vilikuwa 19. Kingejaa, kisingekuwa hapa.

"Alikileta mwenzake wa Uwemba," Bibi alisema. "Alisema ni homa. Lakini Mama hakutamka kwamba baba amekufa, hata siku moja. Watu wamejaa uani, wajomba wanalia, yeye anasema mume wangu amenamba."

Pale juu wino ulikuwa umefifia. Upendo akaisogeza kadi kwenye mwanga wa mlango, akaisoma namba, tarakimu moja moja. Bibi akamwambia arudie. Akarudia.

"Haya. Na hiyo chaja yako, ilienda wapi?"

"Nadhani mtu kaichukua bwenini."

"Basi imeibwa. Usiseme imenamba. Anayenamba kaondoka kwa miguu yake, na alikuwa na nia ya kurudi."

"Mbona yule kuku mweupe ulisema amenamba?"

"Yule alikuwa anarudi. Mwewe ndiye aliyemkuta njiani."