Barua ya mwenye nyumba kuomba vyeti vya kodi ya zuio la pango

Athumani R. Kondo,
Mikocheni B,
Dar es Salaam.

12 Mei 2025

Meneja wa Fedha,
Kampuni Mpangaji,
Nyumba ya ofisi, nyuma ya Barabara ya Mwai Kibaki,
Mikocheni B,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA VYETI VYA KODI YA ZUIO KWA PANGO LILILOLIPWA MWAKA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye nyumba mnayoitumia kama ofisi tangu tarehe 1 Februari 2023, kwa mkataba wa pango la shilingi 2,800,000 kwa mwezi, linalolipwa kwa miezi mitatu mitatu. Kila malipo kwa hiyo ni shilingi 8,400,000 kabla ya makato. Kama kampuni mnatakiwa na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania. Makato hayo sijawahi kuyapinga hata siku moja. Tulipokaa kusaini mkataba niliyakubali mbele ya mjumbe wa mtaa na mwanasheria wenu, na ninayakubali hadi leo.

Ninachoomba ni karatasi inayoonyesha kwamba fedha iliyokatwa kwangu imehesabiwa kwa jina langu.

Kwa mwaka 2024 mlinilipa mara nne. Malipo ya kwanza yaliingia benki tarehe 5 Februari, shilingi 7,560,000, baada ya kukata 840,000. Cheti chake ninacho. Kwanza kilikuja kikiwa na jina la Othman, nikakirudisha, mkakitoa upya ndani ya wiki moja, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Malipo ya pili yaliingia tarehe 6 Mei, kiasi kile kile na makato yale yale. Badala ya cheti nilipewa nakala ya hati ya malipo ya TRA ya mwezi huo, iliyojumlisha makato ya watu wengi kwa pamoja. Jina langu halimo, wala namba yangu ya mlipakodi, wala kiasi changu. Malipo ya tatu yaliingia tarehe 5 Agosti, tena shilingi 7,560,000, na hapo sikupewa karatasi yoyote.

Malipo ya nne, ya tarehe 7 Novemba, ndiyo yanayonisumbua zaidi, na naomba muyaangalie kwa makini. Siku hiyo iliingia shilingi 7,140,000. Maana yake zilikatwa shilingi 1,260,000, yaani asilimia 15, wakati mimi ni mkazi wa Tanzania na kiwango cha pango la nyumba kwa mkazi ni asilimia 10. Nilipopiga simu niliambiwa mhasibu ni mgeni na kwamba litarekebishwa. Halikurekebishwa. Malipo ya Februari mwaka huu yalirudi kwenye makato ya 840,000 kama kawaida, lakini zile shilingi 420,000 za Novemba hakuna aliyezizungumzia tena.

Kwa hiyo cheti cha Novemba kina kazi mbili. Kikionyesha shilingi 1,260,000, nitajua fedha yote ilifika serikalini na nitaihesabu yote kwenye ritani yangu. Kikionyesha 840,000, basi shilingi 420,000 bado ni pango langu lililobaki mikononi mwenu, na naomba lilipwe pamoja na malipo ya Agosti mwaka huu, au mapema zaidi mkiweza. Sitaki cheti kiandikwe kiasi cha kunifurahisha. Kiandikwe kile kilichokatwa na kulipwa kweli, kilingane na kumbukumbu za TRA, kwa sababu ndicho kitakachopimwa.

Labda kwenu hili linaonekana jambo dogo la karatasi, kwa hiyo nieleze linavyonifika mimi. Upangishaji na duka langu la vifaa vya ujenzi pale Mwenge vyote viko kwenye hesabu moja za biashara, na kila mwaka napeleka ritani ya mapato. Mwaka wangu wa kodi unaisha Desemba, kwa hiyo ritani ya 2024 natakiwa kuiwasilisha kufikia tarehe 30 Juni mwaka huu. Katika hesabu hizo pango lenu linaingia likiwa kamili, shilingi 33,600,000. Siingizi zile 29,820,000 zilizofika benki, kwa sababu kodi mliyokata ni sehemu ya mapato yangu ambayo mmeilipa serikalini kwa niaba yangu. Kodi yangu ya mwaka inapigwa juu ya hesabu hiyo kamili, kisha ndipo napunguza kile kilichokwisha kukatwa. Kupunguza huko kunahitaji cheti. Nilipokwenda kuuliza kwa ofisa anayeshughulikia jalada langu, alinijibu kwa upole kabisa kwamba taarifa ya benki inaonyesha nilichopokea tu, haionyeshi kodi iliyolipwa.

Leo mkononi nina cheti cha shilingi 840,000. Makato yote ya mwaka ni shilingi 3,780,000. Zilizobaki, shilingi 2,940,000, nisipopata vyeti itabidi nizilipe tena kutoka mfukoni, wakati tayari zilishatoka kwenye pango langu. Hiyo inazidi pango la mwezi mzima. Kwa mtu aliyejenga nyumba ile tofali kwa tofali kwa zaidi ya miaka kumi, na anayelipia ada za watoto wawili kwa pango hilo hilo, fedha hiyo si ndogo.

Kifungu cha 85 cha Sheria niliyoitaja kinamtaka anayezuia kodi atoe cheti kwa aliyezuiwa kwa kila mwezi wa malipo, ndani ya siku 30 baada ya mwezi huo kwisha. Kwa hesabu hiyo cheti cha Mei kilitakiwa kunifikia kufikia mwisho wa Juni 2024, cha Agosti kufikia mwisho wa Septemba, na cha Novemba kufikia tarehe 30 Desemba. Naitaja sheria kwa sababu mara mbili nimejibiwa na dawati lenu la mapokezi kwamba cheti ni hisani ya ofisi na hutolewa mtu akiomba. Ni wajibu wa mzuiaji kukitoa hata kama mwenye nyumba hajafungua mdomo.

Na mimi nimefungua mdomo mara nyingi. Nilituma ujumbe wa simu Julai na Oktoba mwaka jana. Januari nilifika ofisini mwenyewe nikaambiwa mhasibu wa zamani ameondoka na makabidhiano hayajakamilika. Machi nilimtuma mpwa wangu, akakaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri na kurudi mikono mitupu. Sikuandika barua mapema kwa sababu ninyi ni wapangaji ninaowathamini. Mnalipa kwa wakati, mlikarabati geti bila kunisukuma, na mlinzi wenu anaangalia nyumba kana kwamba ni yake. Sikutaka jambo la karatasi liharibu ujirani huo. Ila sasa Juni inakaribia na siwezi tena kusubiri kwa maneno.

Naomba basi mnipatie cheti cha Mei, cha Agosti na cha Novemba 2024, kila mwezi na chake. Kila kimoja kiwe na jina langu kama lilivyoandikwa kwenye usajili wa mlipakodi, yaani Athumani Rajabu Kondo, na namba yangu ya utambulisho wa mlipakodi kama ilivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, si ile ya mdogo wangu ambayo iliwahi kuingizwa kwenye mfumo wenu mwaka 2023. Kionyeshe pango kamili, kiwango cha kodi, kiasi kilichozuiwa, na tarehe fedha ilipolipwa TRA. Hati ya malipo ya jumla kama ile ya Mei haitoshi yenyewe, ingawa mkiiambatisha pamoja na cheti itanisaidia endapo nitaulizwa.

Cheti cha malipo ya Februari 2025 nacho muda wake umepita, mkiweza kitoeni kwa pamoja ili tusirudi hapa mwakani. Cha malipo ya mwezi huu bado kiko ndani ya muda, hicho sikidai.

Kuna jambo moja nalisema kwa uwazi, na naomba lisichukuliwe kama tuhuma. Kodi iliyozuiwa hutakiwa kulipwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa makato kwisha. Ikiwa katika mabadiliko ya wahasibu kuna mwezi ambao fedha ilikatwa lakini haikupelekwa, naomba niambiwe sasa. Mnaweza kuilipa pamoja na riba inayowahusu, kisha mkanipa cheti sahihi. Nikiambiwa mapema nitajua namna ya kupanga hesabu zangu na mshauri wangu wa kodi. Nikija kugundua baada ya kuwasilisha ritani, mzigo utakuwa umeshanikalia mimi na itatubidi tuongee kwa lugha nyingine, jambo ambalo sote hatulihitaji.

Naomba vyeti hivyo vinifikie kufikia Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, ili mshauri wangu apate mwezi mmoja kamili wa kufunga hesabu. Kama kuna kimoja kitakachochelewa, nipeni vilivyo tayari na mniandikie kingine kitatoka lini na nani anakishughulikia. Jina la mtu mmoja wa kumfuata litanisaidia sana, maana hadi sasa kila nikija nakutana na sura mpya.

Nitapita ofisini mwenyewe Jumatano tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi, nikiwa na mkataba, taarifa za benki na kile cheti cha Februari ili mhasibu wenu alinganishe. Kama saa hiyo haifai, nipigieni kwa namba iliyomo kwenye mkataba, haijabadilika. Vyeti vikiwa tayari kabla ya hapo, mwachieni mlinzi getini ndani ya bahasha iliyofungwa, nitasaini kwenye daftari lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

*(Saini)*
Athumani Rajabu Kondo
Mwenye nyumba

Viambatisho: Nakala ya taarifa za benki za Februari, Mei, Agosti na Novemba 2024, nakala ya cheti cha kodi ya zuio cha Februari 2024, nakala ya hati ya malipo ya Mei 2024, ukurasa wa kwanza wa mkataba wa pango.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Kampuni Mpangaji, kwa taarifa.