Ombi la Kusimamishiwa Marejesho ya Mkopo kwa Miezi Mitatu

Mwakirunge, Kisauni,
Mombasa.
4 Desemba 2023

Kwa Meneja wa Mikopo,
Chama cha Akiba na Mikopo,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: MKOPO WA KILIMO WA SH 180,000

Salaam. Mimi ni mwanachama wenu, mkulima wa mboga hapa Mwakirunge. Mkopo huu nilipewa Januari mwaka huu, nikanunua pampu na mipira ya maji. Tangu Februari nimelipa awamu 10 bila kuruka hata moja. Deni la msingi lililobaki ni Sh 105,000.

Mvua za El Nino za Novemba zimenimalizia shamba. Ekari moja na nusu ya bamia, mchicha na biringanya ilikaa ndani ya maji siku sita. Maji yalipopungua niliingia kung'oa bamia: shina linakuja mkononi, mizizi imebaki chini, imeoza na inanuka. Mchicha umefukiwa na mchanga. Soko la Kongowea, nilikokuwa nikipeleka mzigo mara tatu kwa wiki, sijafika tangu katikati ya mwezi uliopita. Awamu ya Novemba niliilipa kwa kuuza mbuzi wawili, na hao ndio waliokuwa wamebaki.

Ninachoomba ni hiki: Desemba, Januari na Februari nilipe riba peke yake, Sh 1,050 kila mwezi, bila faini. Kuanzia Machi 2024 nirudie awamu yangu ya Sh 7,500 pamoja na riba, nimalize Aprili 2025 badala ya Januari. Siombi kupunguziwa deni.

Miezi mitatu sikuitaja kwa kubahatisha. Ardhi inaanza kukauka na nimeshatayarisha matuta upande wa juu. Mchicha ukipandwa wiki ijayo utavunwa baada ya mwezi mmoja hivi, ila huo utanirudishia pesa ya mbegu na chakula cha nyumbani tu. Bamia ndiyo inayolipa deni, nayo huanza kuchumwa karibu miezi miwili baada ya kupandwa, kwa hiyo pesa yake itakuja mwishoni mwa Februari. Pampu ni nzima. Usiku ule wa mafuriko mimi na wanangu tuliibeba hadi kwa jirani mlimani, na kiangazi cha kaskazi ndicho kitakachoihitaji.

Jambo moja linaninyima usingizi: wadhamini wangu wawili ni kina mama wa kikundi chetu, na mashamba yao yamefurika vilevile. Nakusihi wasikatwe akiba zao kwa ajili yangu. Nimewaonyesha barua hii nao wameridhia muda uongezwe.

Nimeambatisha picha za shamba, daftari langu la mauzo na barua ya afisa wa kilimo aliyekuja kukagua. Afisa wenu akitaka kujionea mwenyewe, aje siku yoyote, nipo shambani tangu asubuhi. Awamu ijayo inadaiwa tarehe 20, hivyo naomba nipate jibu kwa maandishi kabla ya siku hiyo.

Wako mwaminifu,

Mwanakombo Hamisi