Nyuki Kwenye Rafu ya Kufuli

Kila kitabu kinachorejeshwa hupekuliwa kabla ya kurudi rafuni, maana ndani yake huwa na kurasa zilizochanika, madoa ya chai, hata tiketi za basi. Ndani ya kitabu cha ndege, namba ya mada 598, mkutubi alikuta kikaratasi kilichoandikwa kwa wino:

"Kitendawili! Nyumba yangu nyeupe haina mlango, mwenyewe huivunja siku ya kutoka."

Mwanafunzi aliyekirejesha alikuwa ameshaomba awekewe kitabu cha kasa, 597.92. Mkutubi akachomeka jibu humo.

"Yai. Lakini mwanangu, wino hupenya hadi ukurasa wa pili, tumia penseli. Vikaratasi vya gundi sivitaki: ukivibandua gundi hubaki, na vumbi huing'ang'ania. Vibanio vya chuma ndiyo kabisa usiguse, huota kutu. Haya, kitendawili! Mjini kwangu walinzi wote ni wanawake, kila mmoja ana mkuki, na anayemchoma mtu hufa yeye. Jibu liandike kwenye kikaratasi, ulichomeke ndani ya kitabu kinachohusu jibu hilo, ukiache kwenye toroli. Usikirudishe rafuni mwenyewe."

Siku zikapita, toroli halikuleta kitu. Katalogi ilisema kitabu cha ufugaji nyuki, 638.1, kipo. Rafuni palikuwa na pengo.

Mkutubi akaanza na rafu ya juu na ya chini, kwa kuwa wengi hukosea kwa mstari mmoja tu. Hakuna. Kisha akafanya wanachofanya wakutubi wazoefu: akageuza tarakimu. Kwenye 683, katikati ya vitabu vya mafundi wa kufuli, nyuki walikuwa wamekaa kimya. Ndani yake, kwa penseli safi:

"Shikamoo mama. Nyuki! Nilikuwa na haraka, nikakirudisha mwenyewe."

"Marahaba. Umewafungia nyuki kwa kufuli! Kitabu kikikaa pasipo pake, katalogi hudai kipo na msomaji huondoka mikono mitupu. Faini yako si ya fedha. Nipangie hivi: 523.5, 523.46, 523.38, 523.4."

Huo ulikuwa mtego. Wageni wengi huona 46 ni kubwa kuliko 5, wakakiweka mwisho, ilhali baada ya nukta tarakimu husomwa moja moja, na 4 hutangulia 5.

Safari hii kitabu kilikuja kwa toroli.

"523.38 kupatwa kwa mwezi, 523.4 sayari, 523.46, kisha 523.5 vimondo. Mtego nimeuona, mama! Namba moja nimeiacha bila jina makusudi. Kitendawili: ana pete tele na hajaolewa. Ukishindwa, nipe mji."

Mkutubi akacheka hadi msomaji wa meza ya jirani akageuka. Akachonga penseli.

"Mji sikupi. Zohali. Kitabu chake kipo kaunta kwa jina lako hadi Ijumaa. Usipokuja, anapewa anayefuata. Fungua sura ya pete."