Barua ya Kuomba Kazi ya Mhudumu wa Wateja kwa Simu

Rehema J. Mwakalinga,
Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam.
9 Juni 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Kituo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUOMBA KAZI YA MHUDUMU WA WATEJA KWA SIMU, KITENGO CHA MIAMALA

Ninaomba kazi tajwa hapo juu. Nina cheti cha kidato cha sita, na kwa miaka mitatu nimehudumia wateja wa kutuma na kutoa pesa, laini za simu na umeme wa LUKU, mwaka wa mwisho nikipokea malalamiko kwa simu. Tangazo lenu linataka uvumilivu, usemaji wazi na utulivu mbele ya mteja mwenye hasira. Kila mwombaji ataandika kwamba anavyo, kwa hiyo naeleza jinsi ninavyofanya kazi.

Malalamiko mengi ya miamala ni pesa iliyokwenda namba isiyo yake. Mteja wa namna hiyo namwacha amalize bila kumkatiza; mara nyingi hazidi dakika moja. Huku anaongea naandika mambo matatu: kiasi, namba iliyopokea, na saa. Kisha namrudishia kwa maneno yake: "Umetuma shilingi 85,000 leo asubuhi, tarakimu ya mwisho ikakosewa. Ni hivyo?" Akijibu "ndiyo", sauti yake huanza kushuka, kwa sababu amejua amesikika. Simwambii "tulia" wala "punguza jazba"; maneno hayo ni petroli. "Pole" naisema mara moja na kwa dhati. Ikirudiwa mara tano inageuka kejeli.

Hapo ndipo uhakiki unafuata, na siuruki hata akifoka. Tapeli anayetaka kuingia kwenye akaunti ya mtu hujifanya amekasirika ili mhudumu aogope kumuuliza maswali. Nauliza jina lililosajiliwa na miamala ya karibuni. Namba ya siri siiulizi kamwe, na mteja akianza kuitaja namzuia palepale. Taarifa za mteja hazitoki nje ya mfumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sote.

Baada ya hapo nasema ukweli ulivyo. Kama pesa bado ipo kwa aliyepokea, ombi la kuizuia linaingizwa mara moja. Kama imeshatolewa, siahidi kwamba itarudi. Naeleza hatua iliyobaki na nampa namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Ahadi ya kumridhisha mtu kwa dakika tano huzaa simu ya pili yenye hasira maradufu, tena inapokelewa na mwenzangu asiye na kosa. Nikihitaji kumweka asubiri, namwambia ni dakika mbili, na zikiisha narudi hata kama jibu sijalipata.

Kuhusu usemaji: kwenye laini mbovu "tatu" na "tano" husikika sawa, vilevile "sita" na "saba". Namba ya LUKU yenye tarakimu 20 naisoma kwa mafungu matano ya nne nne, na siendi fungu linalofuata mpaka mteja amenirudishia la kwanza. "Laki na ishirini" nahakikisha ni 120,000 kabla sijaandika, maana "na" ikimezwa inabaki "laki ishirini", yaani milioni mbili. Saa nayo ina mtego wake: mteja akisema "saa mbili usiku", mfumo umeandika 20:00, na mhudumu anayetafuta muamala wa saa 2:00 atamjibu kwamba haupo. Nimeona ugomvi mwingi ukianzia hapo. Pia simwiti mtu "bibi" au "mzee" kwa kukisia sauti. Namwita kwa jina alilonitajia.

Akitukana, naonya mara moja kwa upole, mara ya pili naeleza kwamba simu itahamishiwa kwa msimamizi, kisha nafanya hivyo kwa utaratibu wa kituo. Sikati simu kimyakimya. Kabla ya kupokea nyingine naandika kilichosemwa, kilichofanyika na kilichoahidiwa, ili atakayepokea baadaye asimwanzishe mteja upya.

Kiingereza changu cha kuzungumza kinatosha kumhudumia mteja. Cha kuandika ni cha polepole, na ni vyema mlijue hilo mapema. Zamu za usiku na sikukuu naziweza. Mwajiri wangu anahitaji taarifa ya siku 28 kabla sijaondoka.

Nimeambatisha wasifu wenye namba yangu ya simu, nakala za vyeti na barua mbili za wadhamini. Mkiniita kwenye usaili, ningependa mnipe simu ya majaribio ya mteja mkorofi, kwa muda mtakaoona unafaa.

Wako mtiifu,

Rehema J. Mwakalinga