Muvi za jioni zako, Zaituni

Asalaam aleikum mwanangu. Jana uliposema "niko poa tu mama" nikajua hauko poa. Ukilia kidogo si kosa, mwaka wa kwanza ndivyo ulivyo, na Dodoma na Ujiji si jirani. Ila kile kipande cha kuanzia magharibi mpaka saa nne, umelala chali unapekua picha za nyumbani kwenye simu, hicho ndicho kinachokumaliza. Basi nimekaa na kaka yako Shabani tukakupangia cha kuangalia. Usinicheke, mimi na tivii tunajuana.

Anza na Siri ya Mtungi, ile tamthilia ya 2012, itafute YouTube. Ni Bagamoyo, watu wanaongea Kiswahili cha kueleweka, kuna kijana Cheche mpiga picha ambaye macho yake hayatulii, na wake wenza wanaorushiana maneno kama wale unaowajua mtaani kwetu (sitaji jina, wanasoma simu za watu). Kipande kimoja kwa jioni, basi. Utajikuta umecheka peke yako.

Halafu Vuta N'Kuvute. Kitabu cha Adam Shafi ulikisoma kidato cha tano ukalalamika kweli, sasa angalia muvi yake ya Amil Shivji, ya 2021. Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin kaozwa mzee, kakimbia, kwao hawamtaki tena, na anayempokea ni Mwajuma. Mwangalie vizuri huyo Mwajuma. Hamuulizi maswali mengi, anamfungulia mlango, anamtoa nje kwenye watu na muziki. Denge na siasa zake utamfuata mwenyewe, najua unapenda wanaume wenye maneno mengi, Mungu akusaidie. Mimi nakuuliza jambo moja: hapo hosteli Mwajuma wako ni nani? Yule binti wa Tabora wa kitanda cha juu uliyesema anapika ugali mgumu? Mwite muangalie wote. Muvi ile ina giza giza na rangi nzuri, mzime taa.

Ukiwa umechoka na masomo, chukua Queen of Katwe ya 2016. Phiona, mtoto wa mitaa ya Kampala anayeuza mahindi, anajifunza sataranji kwa mwalimu anayewapa watoto uji. Lupita Nyong'o ndiye mama yake, na kile kiburi chake cha kukataa kuonewa huruma nimekipenda mno. Ni Kiingereza, lakini wewe si ndiyo unasomea huko. Ile ya kijana wa Malawi, The Boy Who Harnessed the Wind, nayo nzuri: kafukuzwa shule kwa ada, anajisomea maktaba, anataka baiskeli ya baba yake aikate atengeneze mtambo wa upepo wa kuvuta maji. Baba yako aliiona hapa akasema yeye baiskeli yake ya Foeniksi haiguswi, hata kijiji chote kife njaa. Akaenda kuifunga kufuli.

Supa Modo ya Wakenya usiiguse kwa sasa. Nzuri sana, mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa kuruka angani na kijiji kizima kinamsaidia, lakini mimi nililia mpaka Shabani akazima. Subiri likizo, tutalia wote. Na zile za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, Sultani na wenzake, nakukataza mpaka mitihani iishe. Haziishi zile. Mama Hawa aliunguza maharage mara ngapi kwa ajili ya Huremu.

Bando usilimalize. Shusha kwa waifai ya chuo asubuhi wakati wenzako wamelala, au peleka flashi kwa kijana wa duka la muvi akujazie, ila mwambie aiskani kwanza, zina virusi. Usiku wa Ijumaa usiangalie kitu kabisa, nipigie, tutakuwa tumemaliza kula na bibi yako anataka kukusikia. Ongea naye kwa sauti, sikio la kushoto halisikii.

Shabani amekutumia elfu tano ya bando, usinunulie chipsi. Mzigo wako nao unapanda treni ya keshokutwa: dagaa nimezikausha mwenyewe na mawese yako kwenye dumu la lita tatu, nimelifunga nailoni mara mbili. Ukienda stesheni beba kitambulisho, na umpe huyo binti wa Tabora nusu ya dagaa.