Ramani ya Kazi ya Mfumo wa Maziwa: Sasa, Inayofuata, Baadaye

Hali ilivyo Jumatatu, 9 Machi 2026, saa 12:00 asubuhi

Ukurasa huu ni wa wanakamati wa chama, makarani wa vituo vya maziwa, na sisi wanne tunaoandika programu. Maelezo chini ya kila kazi nimeyaandika mimi. Nafasi ya kazi, yaani iko safu gani, siiandiki mimi wala mtu mwingine. Kila alfajiri skripti inasoma tiketi zetu kwenye GitHub na kuzipanga kazi upya. Ukiona kazi imehama tangu juzi, kuna tiketi iliyobadilika.

Tulifika hapa kwa aibu kidogo. Hadi Januari ramani yetu ilikuwa slaidi yenye miezi. Kwenye kikao cha Ol Kalou mwenyekiti akasoma "Februari: malipo ya M-Pesa" na kumgeukia mhasibu kumpongeza, ilhali kazi hiyo ilikuwa imelala wiki tano na sisi wote mezani tulijua. Slaidi haikujua. Safu tatu tumeziazima kwa Janna Bastow, mmoja wa waanzilishi wa ProdPad. Fundo la kuzishikiza kwenye tiketi tumelifunga wenyewe.

Kanuni nzima ni hii:

```python
def safu(tiketi):
    wazi = [t for t in tiketi if t.hali != "Imekamilika"]
    if tiketi and not wazi:
        return "Imetoka"
    if any(t.hali == "Inafanyiwa kazi" for t in wazi):
        return "Sasa"
    if wazi and all(t.siku and not t.imezuiwa for t in wazi):
        return "Inayofuata"
    return "Baadaye"
```

Kwa asiyesoma kodi: kazi ambayo tiketi zake zote zimekamilika iko Imetoka. Iko Sasa ikiwa kuna mtu ameshika walau tiketi yake moja. Iko Inayofuata ikiwa hakuna aliyeishika, lakini kila tiketi iliyobaki imekadiriwa siku zake na haina kizuizi. Nyingine zote ni Baadaye, hata kama mwanakamati anazipenda sana. Kazi isiyo na tiketi hata moja nayo ni Baadaye, kwa sababu bado ni maneno.

Tiketi inafungika yenyewe pale kodi yenye `Fixes #418` inapoingia kwenye tawi kuu. Kushika ndiko kwenye udhaifu: mtu anaweza kubonyeza "Inafanyiwa kazi" kisha akaenda zake. Kwa hiyo tiketi ikikaa siku tano za kazi bila kodi yoyote, skripti inairudisha "Inangoja". Mara mbili imenirudishia yangu, na mara zote mbili ilikuwa na haki.

SASA (kazi 2, kikomo ni 3, ya nne ikiingia kichwa cha safu kinageuka chekundu)

*Mwanachama asilipwe mara mbili tarehe 5.* Tiketi 6: zimekamilika 4, inafanyiwa kazi 1 (#418), inangoja 1 (#421).

Tukituma malipo kwa M-Pesa, jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Jibu la kweli, kwamba pesa imefika au imekwama, linakuja baadaye kwenye anwani ya seva yetu. Tarehe 5 Februari seva yetu ilikuwa inajiwasha upya wakati majibu yanafika, na wanachama 38 wakabaki na alama ya "haijulikani". Mhasibu alikuwa keshaweka kidole kwenye "Tuma tena". Akanipigia simu kwanza, Mungu ambariki, na tulipokagua tukakuta 31 kati yao walikuwa wameshapata pesa zao.

Tiketi nne zilizokamilika zimeondoa kitufe hicho kwa kila malipo yasiyojulikana, na sasa kila ombi lina namba yake isiyorudiwa. #418 ndiyo iliyo mezani leo: mfumo uulize wenyewe hali ya muamala kabla ya kumruhusu yeyote kutuma tena. #421 ni ripoti ya mhasibu, inayoonyesha waliolipwa, waliokwama na wanaosubiri, kila kundi na jumla yake. Zote mbili zikifungwa, kazi hii itahamia Imetoka, na hapo ndipo pongezi zitakuwa halali.

*Maziwa ya usiku yaingie mwezi wake.* Tiketi 3: imekamilika 1 (#426), inafanyiwa kazi 1 (#427), inangoja 1 (#428).

Hii ilianzia kwenye kitabu cha karani. Tarehe 1 Machi pikapu ya kwanza ilifika kituoni ikiwa na lita 640, na karani akaandika kwa kalamu: saa 8:40 usiku. Simu yake iliandika 02:40, ambayo ni saa ileile. Seva yetu, inayoishi kwa saa za UTC zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, ikaandika 23:40 ya tarehe 28 Februari. Lita 640 zikarudi mwezi uliopita na kulipwa humo. Hakuna aliyepunjwa shilingi, lakini wakulima wanahesabu lita zao kwa mwezi, na hesabu ya mfumo iligongana na ya kitabu. Kitabu ndicho kilichokuwa sahihi.

Marekebisho yenyewe ni mstari mmoja:

```sql
date_trunc('month', muda AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi')
```

Huo ndio uliofunga #426, Ijumaa. Kinachotuchelewesha ni #427, kupitia rekodi zote za nyuma zilizoandikwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kila tarehe 1, na #428, kuwaandikia makarani barua ya kueleza ni lita zipi zilihama. Barua hiyo naomba mwenyekiti aipitie. Wakimsikia yeye wataelewa. Wakinisikia mimi watadhani nimekuja kuwabadilishia hesabu.

INAYOFUATA (kazi 2)

*Karani aandike kilo bila mtandao.* Tiketi 5, zote zimekadiriwa, jumla siku 14 za kazi. Hazina kizuizi, hazina mshikaji.

Hii ilikuwa Sasa hadi Jumatano. Makarani wa vituo vya mbali wataona imeshuka na watauliza, na jibu ni kwamba aliyeishika nilimhamishia kwenye malipo ya tarehe 5. Uamuzi huo ni wangu, si wa skripti. Zamani ningeweza kumhamisha kijana kimyakimya na slaidi ikabaki na tabasamu lake. Sasa kazi ilishuka asubuhi iliyofuata, na kabla ya saa nne karani mmoja alikuwa amenipigia. Itapanda tena #418 ikifungwa, maana ni mtu yuleyule.

*SMS ya risiti baada ya kupima.* Tiketi 2, siku 3. Ndogo, iko tayari.

BAADAYE (kazi 4)

*Menyu ya simu kwa Kikuyu.* Tiketi 4; mbili hazijakadiriwa, ndiyo maana iko huku.

Najua wazee wengi wameiomba, na si kwamba tumeidharau. Ukurasa mmoja wa USSD unabeba herufi 182 kwa alfabeti ya kawaida ya simu. Alfabeti hiyo haina ũ wala ĩ. Ukiweka herufi moja tu ya hizo, ujumbe wote unaandikwa kwa mfumo mwingine na nafasi inashuka hadi herufi 80 hivi. Menyu yetu ya Kiswahili ya ukurasa wa kwanza ina herufi 143. Basi ama tuikate menyu vipande viwili, ama tuandike Kikuyu bila alama zake, jambo ambalo mzee mmoja kamatini alisema ni kama kumwita mtu kwa nusu ya jina. #433 inangoja kamati ichague. Mkichagua, nitaikadiria siku hiyohiyo, na #434 nayo itakadirika kwa kuwa inaitegemea.

*Mizani isome kilo yenyewe kwa bluetooth.* Tiketi 3, moja imezuiwa (#431). Mizani ya majaribio haijatufikia. Ilikuwa Inayofuata wiki iliyopita. Alhamisi nilibandika alama ya kizuizi, Ijumaa ikashuka.

*Mwanachama aone na kusahihisha taarifa zake.* Tiketi 2, hazijakadiriwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwanachama haki ya kuziona taarifa tunazomwekea na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa sasa anayetaka anakwenda ofisini na karani wa ofisi anamfanyia. Inatosha kwa leo, lakini sipendi iendelee kukaa chini hivi, na nitaikadiria wiki hii ili walau ipande safu moja.

*Mkopo wa chakula cha ng'ombe.* Tiketi 0. Hapa pana jina tu.

IMETOKA tangu ukurasa uliopita (kazi 1)

*Namba ya simu ya mwanachama ibadilishwe kwa sahihi mbili.* Tiketi 3 zimefungwa, ya mwisho ni #409, Jumanne.

Zilizohama wiki iliyopita

Maziwa ya usiku: Baadaye → Sasa. Iliruka safu ya kati kwa kuwa tiketi zake ziliandikwa na kushikwa siku moja.
Karani bila mtandao: Sasa → Inayofuata.
Mizani: Inayofuata → Baadaye.
Namba ya simu: Sasa → Imetoka.

Tarehe

Safu hazina tarehe na sitaziweka, hata nikiombwa kwa upole. Siku zilizokadiriwa zimo ndani ya tiketi, na anayetaka kujumlisha ajumlishe. Tarehe pekee tunayoiheshimu ni 5 ya kila mwezi. Kama #418 haijafungwa kufikia Jumatano, 1 Aprili, malipo ya Aprili yatatumwa kwa makundi ya watu 50, mhasibu na mimi tukiwa chumba kimoja, na hakuna kundi litakalofuata kabla majibu ya lililotangulia hayajakamilika. Tumekwisha kukubaliana naye.

Ukitaka kazi ihame

Usiniandikie "ipandishe". Niambie ni tiketi gani unaweza kuikwamua. Kamati inakaa Alhamisi, na mambo mawili yako mikononi mwenu: menyu ya Kikuyu ikatwe au iandikwe bila alama (#433), na mkopo wa chakula cha ng'ombe ukatwe kwenye malipo ya mwezi uleule au ugawanywe kwa mitatu. La pili halina tiketi. Mkiamua, niandikieni sentensi moja tu ya uamuzi huo; nitaifungulia tiketi usiku huo, na Ijumaa asubuhi mtaiona hapa ikiwa na "Tiketi 1".