Protini katika Kifungua Kinywa: Hotuba kwa Wanafunzi Wakati wa Mkutano wa Asubuhi

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wapendwa, hamjambo.

Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kuzungumzia kifungua kinywa. Wengi wenu mmekunywa chai yenye sukari na kula mkate mweupe, nanyi mkaondoka nyumbani mkiwa mmeshiba. Chakula cha namna hiyo hutia nguvu upesi, lakini humeng'enywa upesi vilevile, na ndiyo maana kabla ya mapumziko ya saa nne nawaona baadhi yenu mkitazama saa ya ukutani kuliko ubao. Protini humeng'enywa polepole zaidi na huchelewesha njaa, hivyo anayeila asubuhi hukaa na shibe kwa muda mrefu.

Kuna sababu nyingine, ambayo kwangu ni nzito zaidi. Mwili huweka akiba ya mafuta, lakini hauna ghala la namna hiyo kwa ajili ya protini. Usiku kucha hamkula chochote, ilhali kazi ya kujenga misuli, damu na ngozi haikusimama, tena mko katika umri wa kukua. Mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 40 anahitaji takriban gramu 36 za protini kwa siku, na si rahisi kuzipata zote katika mlo wa jioni peke yake.

Yai moja kubwa lina takriban gramu 6, na protini yake ina asidi amino zote 9 ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Lichemsheni usiku mkiwa na nafasi, mlihifadhi mahali penye baridi. Hakuna anayekuwa na subira ya kungoja sufuria saa kumi na mbili asubuhi. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8 hivi, pamoja na kalisi ya mifupa. Wale ambao maziwa mabichi yaliyochemshwa huwasokota tumbo wajaribu maziwa ya mgando, kwa kuwa sehemu ya sukari inayowasumbua huwa imekwisha kuliwa na bakteria.

Karanga nazo, ingawa wengi huziona kama kitu cha kutafuna njiani tu, zina takriban gramu 7 katika konzi ya gramu 30. Protini yake ina upungufu wa baadhi ya asidi amino, lakini zikiliwa pamoja na maziwa au yai pengo hilo huzibwa. Chagueni kwa makini: karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupwe, kwa sababu huenda ina sumukuvu, na kuikaanga hakuiondoi sumu hiyo yote.

Mwenye mzio wa karanga, mayai au maziwa asijaribu kula kitu hicho hata kidogo. Aje ofisini kwangu wakati wa mapumziko tutafute chakula mbadala. Asanteni kwa kunisikiliza.